Dole Gumba Chini ya Maandishi Madogo

Mwishoni mwa miaka ya 1920, Bi Thompson, mwanamke wa Kiingereza asiyejua kusoma, alisafiri kwa treni kutoka Darwen kwenda Manchester na kurudi. Tiketi alikatiwa na mpwa wake. Ilikuwa tiketi ya bei nafuu, shilingi 2 na peni 7, na mbele yake iliandikwa kwamba masharti yako nyuma. Ukiigeuza, masharti hayapo; yapo maelezo tu kwamba tiketi imetolewa kwa masharti yaliyomo katika vitabu vya ratiba vya kampuni ya reli. Kitabu chenyewe kiliuzwa peni 6, karibu moja ya tano ya nauli, na aliyekinunua ilimbidi afike ukurasa wa 552 ndipo akute kwamba msafiri wa tiketi hiyo hana haki ya kudai fidia akiumia. Wakati wa kurudi, treni iliposimama Darwen, behewa lake halikukaa sawa na jukwaa. Alishuka, akaanguka, akaumia.

Raia walioketi na jaji kusikiliza kesi walisema kampuni haikufanya ya kutosha kumjulisha abiria masharti hayo. Majaji wakaona vingine. Kwao, tiketi ilikuwa na onyo la kutosha kwa umma, na kutojua kusoma kwa Bi Thompson hakukuwa na uzito wowote. Akaondoka mikono mitupu.

Mzizi wa hukumu hiyo uko nyuma zaidi, katika kesi ya Parker dhidi ya kampuni nyingine ya reli, mwaka 1877. Parker aliacha mkoba wake wenye thamani ya pauni 24 na shilingi 10 katika chumba cha kuhifadhia mizigo, ukapotea, na risiti aliyopewa ilisema kampuni haiwajibiki kwa mzigo unaozidi pauni 10. Jaji Mellish aliandika kwamba kampuni ina haki ya kudhani mambo kadhaa juu ya mteja anayefika dirishani: kwamba anajua kusoma, kwamba anaelewa Kiingereza, na kwamba anaangalia anachokifanya kama mtu wa kawaida. Ikiwa mteja huyu mmoja hajui kusoma, hilo ni lake.

Dhana hiyo ya Mellish ndiyo ninayogombana nayo hapa, kwa sababu haikubaki London. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inasema wazi kwamba mikataba ya nchi hiyo inaongozwa na sheria ya kimahakama ya Uingereza. Tanzania ina Sheria yake ya Mikataba, Sura ya 345, iliyofuata mfano wa India, lakini pale inaponyamaza mahakama huazima kanuni za Kiingereza zilizokuwapo tarehe 22 Julai 1920. Kwa hiyo dhana kwamba mtu aliye mbele ya dirisha anasoma Kiingereza imeketi Mombasa na Tanga kana kwamba ni ya hapa.

Tiketi angalau haina saini. Ukitia saini, mambo hukaza zaidi. Mwaka 1934 ilisikilizwa kesi ya Bi L'Estrange, mwenye mkahawa huko Llandudno, Wales, aliyenunua mashine ya kuuzia sigara kwa kujaza fomu ya karatasi ya rangi ya kahawia yenye maandishi madogo kupita kiasi. Mashine ikawa inakwama. Katikati ya maandishi yale kulikuwa na kifungu kinachofuta kila sharti na kila dhamana isiyotajwa katika fomu, hata ile inayotolewa na sheria. Jaji Scrutton alisema mtu akishatia saini, na hakudanganywa, amefungwa. Kama alisoma au hakusoma si hoja. Mwenzake, Jaji Maugham, alikiri kwamba anasikitika kufikia uamuzi huo, kisha akaufikia.

Sasa tuchukue mfano, wa kubuni, ila si mgeni kwa wakazi wa pwani. Bi Fatuma wa Kongowea, Mombasa, anakwenda duka la vyombo vya umeme kuchukua friji ya nyumbani kwa malipo ya polepole. Bei ni shilingi 45,000. Anatanguliza 15,000, zilizobaki atalipa 3,000 kila mwezi kwa miezi 10. Hajawahi kwenda shule. Kijana wa duka anamtolea karatasi moja iliyochapwa pande zote mbili kwa Kiingereza. Nyuma, kifungu cha 9 kinasema muuzaji hatoi dhamana yoyote ya ubora na kwamba mteja ataendelea kulipa kila awamu hata kifaa kikiharibika. Kifungu cha 14, cha mwisho kabisa, kinasema mteja anakiri kwamba amesomewa mkataba huu kwa lugha anayoielewa na ameuridhia. Kijana anafungua kile kisahani cha wino. "Mama, weka dole hapa, ni ya kuonyesha tu kwamba umepokea friji." Bi Fatuma anaweka dole. Wiki ya tatu kompresa inakufa, na dukani anaonyeshwa kifungu cha 9.

Wengi tukisikia kisa hiki tunakimbilia jibu la moja kwa moja: hajui kusoma, basi mkataba haumhusu. Jibu hilo lina ukoo mrefu, lakini ni jembamba kuliko watu wanavyodhani. Linatokana na kesi ya Thoroughgood, ya karne ya 16, ambapo mwenye ardhi asiyejua kusoma aliletewa hati na kuambiwa inamsamehe mpangaji wake, Chicken, malimbikizo ya kodi basi, si zaidi. Akasema kama si zaidi ya hapo, ameridhika, akaipiga muhuri. Kumbe hati ilifuta madai yake yote, pamoja na ardhi. Mahakama ikasema hati hiyo si yake. Na ikaongeza jambo ambalo mawakili wachache hulikumbuka: haijalishi aliyemsomea ni nani, hata akiwa mpita njia aliyejitolea mwenyewe, maadamu alichosema kilikuwa tofauti na kilichoandikwa. Lakini ripoti ya kesi hiyo ina upande wa pili. Asiyejua kusoma akinyamaza, asiombe kusomewa, kisha akaipiga muhuri, hati inamfunga hata kama ni kinyume cha alivyokusudia.

Kwa maneno mengine, tangu mwanzo sheria haikuuliza kama mtu anajua kusoma. Iliuliza nani alimsomea, na alimwambia nini.

Utetezi huo wa "hii si hati yangu" ulibanwa zaidi mwaka 1970, katika kesi ya Bi Gallie, mjane wa miaka 78. Alijua kusoma ila miwani yake ilikuwa imevunjika, na alitia saini hati aliyoambiwa ni ya kumpa nyumba mpwa wake. Kumbe ilikuwa ya kumuuzia nyumba hiyo rafiki wa mpwa, ambaye aliiweka rehani. Majaji wa juu kabisa wa Uingereza walimkatalia. Walisema anayetaka kuikana hati lazima athibitishe mambo mawili: kwamba hati ni tofauti kabisa, kwa asili yake, na ile aliyodhani anaitia saini; na kwamba yeye mwenyewe hakuwa mzembe. Bi Gallie alijua anaitoa nyumba. Kwamba iliondoka kwa njia nyingine na kwenda kwa mtu mwingine hakukutosha.

Hapo ndipo Bi Fatuma anapokwama, na ndipo wanapokwama karibu wote wanaolalamikia maandishi madogo. Alijua ananunua friji. Karatasi ilikuwa ya kununua friji. Kifungu cha 9 kimeharibu mkataba wake bila kuugeuza kuwa mkataba wa aina nyingine. Kifungu cha kujivua dhima kwa kawaida hukaa ndani ya hati ya aina ileile uliyoitarajia. Kazi yake ni kuitoboa kwa ndani. Wakili atakayesimama mahakamani akitegemea "si hati yangu" peke yake amechagua njia ngumu kuliko zote.

Njia iliyo nyepesi zaidi iko kwenye yale maneno ya kijana. Mwaka 1951, huko huko Uingereza, Bi Curtis alipeleka gauni lake jeupe la harusi kwa dobi. Akaletewa karatasi ya kutia saini, akauliza ni ya nini, akajibiwa kwamba duka halitawajibika shanga na mapambo yakiharibika. Karatasi ilisema duka haliwajibiki kwa uharibifu wowote ule. Gauni likarudi na doa. Mahakama ya Rufani ilisema duka haliwezi kujificha nyuma ya kifungu ambacho mfanyakazi wake alikieleza vibaya, hata kama alieleza vibaya bila nia mbaya. Kijana wa Mombasa alisema dole ni la kuonyesha kupokea friji. Hilo ni potofu kuliko maneno ya yule wa dobi. Kama Bi Fatuma ana shahidi, hata jirani aliyemsindikiza, kifungu cha 9 kina hali mbaya.

Kijana angenyamaza, angesukuma tu karatasi na wino, mambo yangekuwa magumu zaidi. Hapo duka litamtaja Scrutton na mashine ya sigara. Nami ningejibu kwa kurudi kwa Mellish na kumsoma hadi mwisho wa mantiki yake. Kampuni ya reli iliruhusiwa kudhani mteja anasoma kwa sababu ilikuwa inahudumia umati usiojulikana. Karani hakuwa na namna ya kumjua huyu na yule. Ikiwa muuzaji anajua, dhana inakufa. Mahakama ya Uingereza yenyewe ilikubali hivyo mwaka 1970, katika kesi ya msichana wa Kijerumani aliyepanda gari lenye kibandiko cha Kiingereza kinachosema abiria anasafiri kwa hatari yake mwenyewe. Mwenye gari alijua msichana haelewi Kiingereza, kwa hiyo kibandiko hakikumfunga.

Dole gumba, basi, linasema nini? Duka halimletei wino mteja anayeshika kalamu. Alama ile ni ushahidi, uliotengenezwa na muuzaji mwenyewe na kuwekwa katika jalada lake, kwamba alijua mtu aliye mbele yake hasomi. Sheria inaihesabu alama hiyo kuwa saini, sawa, wala sipingi. Bila hivyo asiyesoma asingeweza kununua chochote kwa mkopo. Ila saini ya kalamu huchukuliwa kuwa dalili kwamba mtu alipata nafasi ya kusoma. Dole haliwezi kuwa dalili ya hilo. Mahakama inayoviweka viwili hivi katika mizani moja inamfuata Scrutton kwa jina na kumwacha kwa sababu zake. Nakiri kwamba hoja hii ni ngumu kuipitisha mahakamani, kwa kuwa kesi za kibandiko na tiketi ni za karatasi zisizo na saini, na wakili wa duka atalisema hilo kabla hujamaliza sentensi.

Kwa bahati, Kenya haimwachi Bi Fatuma kwa majaji wa Kiingereza peke yao. Sheria ya Kumlinda Mlaji, Namba 46 ya 2012, inafanya mambo mawili yanayomhusu. Kwanza, kifungu cha mkataba kinachojaribu kufuta masharti ya ubora ambayo sheria ya mauzo ya bidhaa inayaweka ni batili. Hapo kifungu cha 9 kinaanguka bila hata kuuliza kama alijua kusoma. Hakimu mwenye shahada naye asingefungwa nacho. Pili, sheria hiyo inapozungumzia mwenendo wa kumdhulumu mlaji, inairuhusu mahakama iangalie kama muuzaji alijua, au alipaswa kujua, kwamba mlaji hawezi kulinda maslahi yake kwa sababu ya ulemavu, kutojua mambo, kutojua kusoma, au kutoielewa lugha ya mkataba. Tazama mahali sheria ilipoweka uzito: kwenye kile alichokijua muuzaji. Ni ile ile hoja ya dole, safari hii imeandikwa na Bunge.

Mhamishe Bi Fatuma avuke mpaka hadi Tanga. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inaanza vizuri: kifungu cha 13 kinasema watu wameridhiana wakikubaliana juu ya jambo lilelile kwa maana ileile. Maneno ya uongo au ya kupotosha humpa aliyepotoshwa haki ya kuuvunja mkataba. Lakini kifungu cha 19 kina mlango wa nyuma. Aliyepotoshwa hawezi kuuvunja mkataba ikiwa alikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Wakili wa duka ataukimbilia mlango huo: "Mama, nyumbani una mjukuu wa sekondari. Ungempa akusomee." Jibu la kisheria lipo, kwamba mlango huo umefunguliwa kwa upotoshaji usio wa makusudi na kwa udanganyifu wa kunyamaza, si kwa uongo uliosemwa kwa makusudi. Kwa hiyo Tanga kesi nzima itageuka kuwa ya kuthibitisha kwamba kijana alijua anachosema si kweli. Mzigo huo ni mzito kuliko wa Mombasa. Tanzania inayo Tume ya Ushindani, yenye jukumu juu ya mikataba inayoandaliwa na upande mmoja, lakini mwanamke mwenye friji mbovu anataka friji, si mapitio ya fomu.

Kampala ndiko kunakonivutia zaidi. Uganda ina sheria ya tangu enzi za ukoloni ya kuwalinda wasiojua kusoma, na tafsiri yake ya asiyejua kusoma inapaswa kubandikwa katika kila ofisi ya mikopo. Kwa sheria hiyo, asiyejua kusoma ni mtu asiyeweza kusoma na kuelewa mwandiko au lugha ambayo karatasi husika imeandikwa. Yaani jambo linapimwa karatasi kwa karatasi. Mwalimu mstaafu anayesoma Kiswahili kutwa, akipewa mkataba wa Kiingereza asichokielewa, kwa karatasi hiyo hajui kusoma. Kisha sheria inamtaka aliyemwandikia mtu kama huyo aandike jina lake kamili na anwani yake kwenye hati, na akifanya hivyo amethibitisha kwamba hati inawakilisha maelekezo aliyopewa na kwamba aliisoma na kuieleza. Mahakama za Uganda zimewahi kuzikataa hati zilizokosa maelezo hayo. Udhaifu wake uko kwenye fomu zilizochapwa tayari: muuzaji anaweza kudai hakumwandikia mteja chochote, aliandika karatasi yake mwenyewe. Wakoloni waliotunga sheria hiyo walikuwa na picha ya karani wa barua chini ya mti, si ya duka lenye mashine ya kutoa nakala.

Inabaki hoja ya wafanyabiashara, na haistahili kudharauliwa. Wanasema mlango ukifunguliwa, kila mdaiwa atasahau kusoma siku ya kulipa. Hofu hiyo ndiyo iliyomzamisha Bi Gallie, na kwake ilikuwa na mantiki, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na taasisi ya mikopo ya nyumba iliyotoa pesa kwa kuiamini hati, bila kujua lolote la miwani. Mmoja kati ya wawili wasio na hatia ilikuwa lazima aumie. Katika suala la friji hakuna mtu wa tatu. Karatasi bado iko kwenye droo ya mtu aliyeiandika, aliyelichapa lile dole, na aliyemjua mteja kwa uso. Na anayetaka kujikinga na wasahaulifu ana kinga ya bei ndogo: amlete mtu wa kusoma kifungu cha 9 kwa Kiswahili, mtu huyo aandike jina lake, lugha aliyotumia na tarehe.

Ndiyo maana kifungu cha 14 kinaniudhi kuliko cha 9. Maneno ya "nimesomewa na nimeelewa", yakichapwa kwa Kiingereza ndani ya karatasi ileile inayodaiwa kusomwa, hayathibitishi chochote. Kila dole litakalogusa karatasi hiyo litaapa kwamba limesomewa. Ukitaka kujua kama usomaji ulifanyika kweli, angalia kama pana nafasi ya jina la msomaji na kama imejazwa, kama lugha imetajwa kwa jina badala ya "lugha anayoielewa", na kama msomaji si yuleyule anayelipwa kamisheni kwa kila friji inayotoka. Kisha mwite msomaji, umwombe aieleze karatasi mbele ya hakimu kama alivyoieleza siku ile. Wengi wao Kiingereza hicho hawakielewi wenyewe.

Bi Fatuma wa Mombasa asipoteze muda kukana dole lake. Aandikishe barua kwa duka, kwa Kiswahili, akieleza friji imekufa lini, kijana alisema nini na nani alisikia, na kwamba anauvunja mkataba na kudai arudishiwe pesa zake. Sheria ya mlaji inampa mwaka mmoja tangu siku ya mkataba kutoa taarifa ya kuuvunja kwa dhuluma ya aina hii, na miezi 10 ya kulipa awamu kimyakimya inaweza kuula karibu wote. Duka likipuuza, shilingi 45,000 ziko ndani kabisa ya uwezo wa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo kikomo chake ni shilingi milioni 1 na ambako anaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Aende na yule jirani aliyemsindikiza, na nakala ya fomu, pande zote mbili.